Awamu za kodi ya mapato zimeingizwa zote kwenye gharama. Nafungaje mwaka?

Karani_Mtulivu (mleta uzi)

Wakuu, nimekabidhiwa vitabu vya kampuni ndogo ambayo mwaka wake unaishia 31 Desemba. Kabla ya kufunga nataka kunyoosha akaunti mbili tu. Tarakimu nimezipunguza na sarafu nimeiacha ili hesabu iwe nyepesi.

Mwanzoni mwa mwaka walikadiria mapato ya kutozwa kodi yatakuwa 40,000. Kiwango ni 30%, kodi ikawa 12,000, wakailipa kwa awamu nne za 3,000. Mwezi wa nne walilipa pia 1,900 iliyobaki ya mwaka uliotangulia. Malipo yote matano yamedebitiwa kwenye gharama ya kodi, kwa hiyo urari unasoma hivi:

Gharama ya kodi ya mapato: debiti 13,900
Kodi ya mapato ya kulipwa: krediti 1,700

Hiyo 1,700 ni salio la kufungulia mwaka. Haijaguswa tangu Januari.

Faida kabla ya kodi ni 52,000. Kwenye hesabu ya kodi nimerudisha uchakavu wa vitabu 9,000 na faini 1,000 zisizokubalika, nikatoa punguzo la uchakavu kwa viwango vya sheria ya kodi 12,000. Yamebaki 50,000, kodi yake 15,000.

Sasa nikidebiti gharama 15,000 na kukrediti kodi ya kulipwa 15,000, gharama inafika 28,900 na deni 16,700. Hilo naona wazi kwamba si sahihi. Njia ipi sahihi?

DebitiKwanza

Rahisi sana mkuu. Gharama inatakiwa isome 15,000, nawe tayari una 13,900. Andika tofauti tu: debiti gharama 1,100, krediti kodi ya kulipwa 1,100. Gharama inakuwa 15,000 kama hesabu ya kodi inavyosema, na deni linakuwa 2,800. Funga vitabu, nenda kalale.

Nusu_Salio

Mimi nauliza, hiyo kodi si inatakiwa kulipwa kila mwezi pamoja na orodha ya wafanyakazi? Kwetu tunadebiti mishahara, tunakrediti kodi ya kulipwa, na tukipeleka hela tunafuta deni. Awamu nne zimetoka wapi?

Mama_Leja

Nusu_Salio, unaongelea kodi inayokatwa kwenye mishahara. Ile ni kodi ya mfanyakazi, kampuni inaishika na kuipeleka tu. Mleta uzi anaongelea kodi ya faida ya kampuni yenyewe. Na kama kwenu zote mbili zinaingia kwenye akaunti moja iitwayo "kodi ya kulipwa", zitenganisheni leo. Salio la akaunti ya namna hiyo halilinganishwi na chochote.

DebitiKwanza, njia yako inavutia kwa sababu gharama inatoka 15,000 kamili, lakini fuata hela. Kodi ya mwaka huu ni 15,000 na zimelipwa 12,000, zimebaki 3,000. Vitabu vyako vinasema deni ni 2,800. Kampuni itakapolipa 3,000 mwakani, akaunti ya deni itabaki na debiti ya 200 ambayo hakuna atakayejua imetoka wapi.

Hiyo 200 imetoka mwaka uliopita. Waliweka deni la 1,700, ritani ya kodi ilipokamilika ikawa 1,900. Walikadiria pungufu kwa 200, na pungufu hiyo ni gharama ya mwaka huu kwa sababu ndipo ilipojulikana. Kwa hiyo gharama sahihi ni 15,200, na wewe umeificha ile 200 ndani ya 15,000.

Karani, usitafute tofauti. Rudisha kila malipo mahali pake kwanza. Fedha iliyotoka benki kwenda kwa mamlaka ya kodi haiamui gharama ni kiasi gani. Gharama inaamuliwa na hesabu ya kodi, malipo yanapunguza deni. Ingizo la kwanza linaondoa malipo yote kwenye gharama:

Debiti: Kodi ya mapato ya kulipwa 13,900
Krediti: Gharama ya kodi ya mapato 13,900
(Kurekebisha awamu nne na salio la mwaka uliopita vilivyoingizwa kwenye gharama)

Gharama sasa ni sifuri. Akaunti ya deni ilikuwa krediti 1,700, sasa ni debiti 12,200. Usishtuke, ni ya muda. Ingizo la pili ni la ile pungufu:

Debiti: Gharama ya kodi ya mapato (mwaka uliopita) 200
Krediti: Kodi ya mapato ya kulipwa 200

Deni linasoma debiti 12,000. Simama hapo uangalie: ni jumla ya awamu nne, hakuna kingine ndani yake. Hicho ndicho kipimo kwamba mwaka uliopita umeisha kabisa kwenye akaunti hii. Kama lingesoma 12,200 au 11,900, kuna kitu cha zamani hujakimaliza, na haifai kusonga mbele mpaka ukipate. Ndipo ingizo la tatu:

Debiti: Gharama ya kodi ya mapato (mwaka huu) 15,000
Krediti: Kodi ya mapato ya kulipwa 15,000

Gharama 15,200, deni krediti 3,000.

Karani_Mtulivu

Nimeelewa, ahsante sana mama. Hiyo ya kusimama kwenye 12,000 kwanza ndiyo iliyonifungua macho. Ila gharama ya 200 niionyeshe peke yake au iungane na 15,000?

Mama_Leja

Kwenye leja itenganishe. Kwenye taarifa ya faida na hasara inatoka jumla moja ya 15,200, na maelezo ya hesabu yanaonyesha 15,000 ya mwaka huu na 200 marekebisho ya mwaka uliopita. Ungekuwa umekadiria zaidi, tuseme deni lilikuwa 2,100 na kodi ikatoka 1,900, ingizo lingegeuka: debiti deni 200, krediti gharama 200.

Kuna wanaotaka kufungua upya hesabu za mwaka uliopita kwa ajili ya 200. Hapana. Makadirio yaliyofanywa kwa taarifa zilizokuwepo, yakasogea kidogo baadaye, yanarekebishwa mwaka yanapojulikana. Kurudi nyuma kunahitajika pale palipokuwa na kosa kubwa la kweli, kwa mfano mapato ya mwaka mzima yaliyosahauliwa.

DebitiKwanza

Sawa, ile 200 nimeikubali. Lakini kupeleka awamu kwenye akaunti ya deni siungi mkono. Mwezi wa sita ukitoa urari, akaunti ya deni ina debiti. Deni lenye debiti! Mkurugenzi anauliza maswali. Awamu ni malipo ya mbele, mahali pake ni kwenye mali za muda mfupi: debiti "Awamu za kodi zilizolipwa", krediti benki. Mwisho wa mwaka mizania inaonyesha mali 12,000 na deni 15,000, kila kitu kiko wazi.

Mama_Leja

Mwanzo wa maneno yako ni sahihi kabisa, na mimi pia napenda akaunti ya awamu iwe peke yake. Inasaidia, kwa sababu unaweza kuilinganisha na risiti moja baada ya nyingine. Mwisho ndipo unapoteleza. Ukifunga mwaka, akaunti ya awamu haibaki hai kando ya deni. Unaihamishia kwenye deni:

Debiti: Kodi ya mapato ya kulipwa 12,000
Krediti: Awamu za kodi zilizolipwa 12,000

Ni kodi ileile, ya mwaka uleule, kwa mamlaka ileile, na sheria inaruhusu awamu zikatwe kwenye kodi ya mwaka. Kampuni haidai 12,000 huku ikidaiwa 15,000. Inadaiwa 3,000, basi. IAS 12, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kodi ya mapato, kinataka hivyo: haki ya kisheria ya kukata moja kwenye nyingine ikiwepo, na nia ya kulipa tofauti ikiwepo, vinaonyeshwa kwa pamoja. Ukiacha mali 12,000 na deni 15,000 umevimbisha pande zote mbili za mizania, na mtu wa benki anayepima uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi atapata jibu lisilo la kweli.

Kuhusu mkurugenzi na mwezi wa sita, debiti ile haisababishwi na mahali ulipoziweka awamu. Inasababishwa na kutoweka kodi ya miezi sita. Umelipa awamu mbili, 6,000, lakini hujaandika hata senti ya gharama. Kama unatoa hesabu za kila mwezi au za robo mwaka, weka gharama ya makadirio kila kipindi: debiti gharama, krediti deni. Ukifanya hivyo salio la mwezi wa sita litakuwa dogo, la upande huu au ule, kutegemea biashara inakwendaje ukilinganisha na makadirio ya Januari.

Duka_Langu

Samahani kuingilia. Mimi sina kampuni, biashara ni yangu mwenyewe kwa jina langu, nalipa awamu vilevile. Kwa maelezo haya nadebiti gharama ya kodi?

Kalamu_Nyekundu

Hapana. Biashara ya mtu mmoja haina kodi yake ya mapato. Anayedaiwa ni wewe, pamoja na mapato yako mengine kama unayo. Ukilipa awamu kwa fedha za biashara, hesabu kwamba umechukua fedha kwa matumizi yako: debiti akaunti ya fedha alizochukua mwenye biashara, krediti benki. Gharama ya kodi haionekani kwenye faida na hasara yako, wala deni la kodi haliingii kwenye mizania ya biashara.

Ubia mara nyingi unafuata mkondo huohuo, kila mbia na kodi yake, kama sheria ya mahali ulipo haiutozi ubia wenyewe kodi.

Duka_Langu

Kwa hiyo faida yangu itaonekana kubwa kuliko ya kampuni ya aina hiyohiyo?

Kalamu_Nyekundu

Ndiyo. Ukitaka kujilinganisha na kampuni, linganisha faida kabla ya kodi. Hata hapo mshahara wa mwenye kampuni umeshatolewa na wako haujatolewa, kwa hiyo bado si sawasawa.

Karani_Mtulivu

Wakuu, nimekuta kitu kingine kwenye faili. Kuna cheti cha kodi ya zuio cha 800. Mteja mmoja alipewa ankara ya 16,000, akakata 5%, akalipa 15,200. Cheti kinasema inahesabika kama sehemu ya kodi ya mwaka ya kampuni. Kwenye vitabu sioni akaunti yoyote ya zuio.

Mama_Leja

Vizuri umefungua faili. Hiyo 800 ni malipo ya kodi kama awamu, tofauti ni kwamba mteja ndiye aliyeipeleka. Inapunguza deni kutoka 3,000 hadi 2,200. Upande wa debiti unajulikana. Swali ni krediti iende wapi, na jibu linategemea ankara ile iliandikwaje. Fungua akaunti ya mteja huyo uniambie ina salio gani.

Karani_Mtulivu

Ina 800. Ankara iliingia nzima 16,000, ikapokelewa 15,200, salio limekaa hapo tangu mwezi wa nane. Karani aliyenitangulia ameandika pembeni "mteja hajamalizia".

Mama_Leja

Umepona. Mteja alishamaliza. Andika:

Debiti: Kodi ya mapato ya kulipwa 800
Krediti: Wadaiwa (mteja husika) 800

Mauzo yalikuwa sahihi tangu mwanzo, faida ya 52,000 haibadiliki, kodi ya 15,000 haibadiliki. Deni ni 2,200.

Nakueleza na hali ya pili, kwa sababu utakutana nayo kwa wateja wengine. Wengi huandika mauzo kwa fedha iliyoingia benki, yaani 15,200. Hapo akaunti ya mteja ni safi, hakuna kinachokuonya, na mauzo yamepungua 800. Ingizo linakuwa debiti kodi ya kulipwa 800, krediti mauzo 800. Faida inapanda hadi 52,800, mapato ya kutozwa kodi 50,800, na kodi yenyewe inakuwa 15,240. Deni la mwisho linatoka 2,440. Ndivyo ilivyo pia kama mtu aliifuta ile 800 kama punguzo au deni bovu ili akaunti ya mteja isafike.

Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu ya kodi kusanya vyeti vyote vya zuio, na kila cheti kitafutie ankara yake. Kodi iwe ingizo la mwisho kabisa la mwaka. Ukiiweka mapema, kila marekebisho yanayogusa faida yatakulazimisha uirudie.

DebitiKwanza

Lakini zuio si mara zote linakatwa kwenye kodi ya mwaka. Kuna mapato ambayo zuio lake ndilo la mwisho.

Kalamu_Nyekundu

Hapo umesema kweli. Mahali ambapo sheria inasema zuio fulani ni kodi ya mwisho, huwezi kulikata kwenye deni. Unalidebiti kwenye gharama ya kodi moja kwa moja, unaandika mapato kwa kiasi kizima, na mapato hayo unayaondoa kwenye hesabu ya kodi ya kawaida ili yasitozwe mara mbili. Soma cheti na sheria, jina la zuio peke yake halitoshi. Wa mleta uzi ni wa kukatwa, amesema mwenyewe.

Robo_ya_Nne

Swali la haraka. Kwetu awamu ya nne inalipwa siku chache baada ya mwaka kuisha. Mhasibu wetu anaweka 31 Desemba debiti gharama 3,000, krediti awamu ya kulipwa 3,000, halafu anaweka na kodi ya mwaka. Mimi naona kama inahesabiwa mara mbili.

Mama_Leja

Umeona sawa. Kodi ya mwaka ya 15,000 imeshaibeba awamu ya nne ndani yake. Awamu haiongezi kodi, ni ratiba tu ya kuilipa kodi hiyohiyo. Kwa tarakimu za uzi huu, bila zuio, kama awamu tatu ndizo zilizolipwa kufikia 31 Desemba, deni ni 15,000 kutoa 9,000, yaani 6,000. Mnamo Januari mkilipa awamu ya nne mnadebiti deni 3,000, zinabaki 3,000 za kumalizia na ritani. Mhasibu wenu ana gharama 18,000 na deni 9,000.

Dalili yake ni rahisi kuiona: mwakani mkishamaliza kulipa, kuna krediti ya 3,000 inayobaki kwenye akaunti bila mtu wa kuidai.

Robo_ya_Nne

Ipo kweli, na ni ya miaka miwili.

Kalamu_Nyekundu

Usiifute kimyakimya kwenye faida ya mwaka huu. Ikiwa kubwa, hapo ndipo pale mama aliposema juu ya kosa la kweli, hesabu za nyuma zinarekebishwa.

Karani, nirudi kwako. Umesema uchakavu wa vitabu ni 9,000 na wa kodi 12,000. Kama kampuni inafuata viwango kamili vya kimataifa vya uhasibu, hujamaliza. Tofauti ya 3,000 ni ya muda tu: mwaka huu sheria imekupa punguzo kubwa, miaka ijayo litakuwa dogo. 30% ya 3,000 ni 900, nayo inaandikwa debiti gharama ya kodi iliyoahirishwa, krediti deni la kodi iliyoahirishwa.

Hiyo 900 isiguse akaunti ya kodi ya kulipwa hata siku moja. Hakuna ankara yake na mamlaka haitaidai kwa jina hilo. Nimekuta vitabu ambamo zote mbili zimo akaunti moja, na kila mwaka mtu anajaribu kuilinganisha na taarifa ya mamlaka ya kodi na kushindwa.

Inakupa pia njia ya kuhakiki kazi yako. Faida 52,000 kwa 30% ni 15,600. Faini za 1,000 hazikubaliki kamwe, si jambo la muda, kwa hiyo ongeza 300. Jumla 15,900. Upande wa pili, kodi ya mwaka 15,000 na iliyoahirishwa 900, jumla 15,900. Zimekutana. Ongeza 200 ya mwaka uliopita, gharama yote ni 16,100. Zisipokutana, tatizo mara nyingi ni kitu ulichokirudisha kwenye hesabu ya kodi bila kuamua kama ni cha muda au cha kudumu.

Karani_Mtulivu

Kampuni haijawahi kuweka kodi iliyoahirishwa.

Kalamu_Nyekundu

Basi tatizo lina umri kuliko mwaka huu, maana tofauti za miaka ya nyuma nazo zinatakiwa kuwemo. Usiweke 900 peke yake. Linganisha thamani ya mitambo kwenye vitabu na thamani iliyobaki kwa upande wa kodi, chukua tofauti yote kwa 30%, ndilo salio linalotakiwa. Kwanza uliza hesabu zinatolewa kwa mfumo upi, kuna mifumo ya biashara ndogo sana isiyoidai.

DebitiKwanza

Nina hoja moja nyingine. Walikadiria kodi 12,000, imetoka 15,000. Kuna mahali mamlaka inatoza riba kwa kukadiria chini. Tuseme riba ni 90. Naingiza kwenye gharama ya kodi, maana imetokana na kodi.

Mama_Leja

Mimi naiweka kwenye gharama za fedha. Ni bei ya kuchelewesha hela, kama riba ya mkopo. Ukiiweka kwenye kodi, ule uhakiki wa Kalamu hautakutana tena.

Kalamu_Nyekundu

Mama, kwa heshima zote, si suala la kupenda. IAS 12 haitaji riba na faini. Kamati ya tafsiri za viwango ililizungumzia mwaka 2017 ikasema kampuni haichagui tu sera: itazame kama kiasi chenyewe ni kodi ya mapato. Ikiwa ndiyo, IAS 12. Ikiwa siyo, IAS 37, kiwango cha madeni yasiyo na uhakika.

Mama_Leja

Na riba ya kukadiria chini ni kodi ya mapato?

Kalamu_Nyekundu

Inategemea inakokotolewaje na sheria inaiitaje. Nimeona wakaguzi wawili wakitofautiana kwa riba ileile.

Mama_Leja

Basi tumerudi palepale. Karani, popote utakapoiweka, kwenye leja iwe na akaunti yake, isiungane na 15,000 wala na deni la 2,200. Na hakikisha kwanza kama inakubalika kama gharama kwenye hesabu ya kodi, sehemu nyingi haikubaliki.

Duka_Langu

Na ikiwa umelipa awamu nyingi kuliko kodi? Mwaka wangu huu ulikuwa mbaya.

Mama_Leja

Kwa kampuni: awamu 12,000, kodi 9,000. Maingizo ni yaleyale, akaunti inaishia debiti 3,000. Kwenye mizania inahamia upande wa mali, "kodi ya mapato ya kurejeshwa". Isikae ndani ya madeni kama namba hasi. Ikishaamuliwa kwamba itatumika kwenye awamu za mwaka ujao, ihamishie kwenye akaunti ya awamu za mwaka huo kwa ingizo lenye tarehe ya uamuzi. Kwako wewe ni mambo yako na mamlaka, vitabu vya biashara havibadiliki mpaka hela irudi.

Karani_Mtulivu

Wakuu, nimeandika maingizo yote. Gharama 15,200 (iliyoahirishwa bado naisubiri), deni 2,200. Nimechukua taarifa ya mamlaka ya kodi ili nilinganishe. Inaonyesha awamu 9,000 na zuio 800, kwa hiyo kwa kodi ya 15,000 upande wao tungedaiwa 5,200. Awamu ya tatu haipo. Risiti ninayo, na hela benki imetoka.

Kalamu_Nyekundu

Angalia risiti, mstari wa aina ya kodi na mstari wa mwaka.

Karani_Mtulivu

Aina ya kodi imeandikwa ya mishahara. Mwaka ni sahihi.

Nusu_Salio

Nilijua tu mishahara imo humu ndani!

Mama_Leja

Leo umeshinda, Nusu_Salio.

Karani, usiguse vitabu. Kampuni ililipa kodi ya mapato 3,000 na hela imefika kwa mamlaka, deni ni 2,200. Tofauti ya 3,000 iandike kwenye karatasi ya ulinganisho: salio la mamlaka 5,200, kutoa malipo yaliyopokelewa chini ya kodi nyingine 3,000, salio la vitabu 2,200. Andika barua ya kuomba malipo yahamishwe, ambatanisha risiti na ukurasa wa benki. Fanya kabla ya ritani, kwa sababu mfumo wao unaona awamu ya tatu haikulipwa na unaweza kuwa unahesabu adhabu kuanzia tarehe hiyo. Na kagua akaunti ya kodi ya mishahara upande wao, itakuwa na ziada ya 3,000. Hakikisha haijalipiwa mwezi mwingine kimyakimya.

Karani_Mtulivu

Imelipiwa. Salio la ziada upande wa mishahara linasoma 1,150 tu.

Kalamu_Nyekundu

Basi kuna 1,850 iliyotumika kulipa kodi ya mishahara. Tafuta ni miezi ipi, na kama kampuni ilikuwa imeshailipa miezi hiyo kwa risiti nyingine au ilikuwa haijalipa kabisa. Kama ilikuwa imelipa, risiti hizo nyingine zinaelea mahali fulani. Kama haikulipa, kuna deni la kodi ya mishahara la 1,850 ambalo vitabu vyako vinapaswa kuwa nalo. Tuwekee salio la akaunti ya kodi ya mishahara kwenye urari.